Uchovu wa macho: kukaza, kukodoa na kufinya

Watafsiri wengine huandika "mkazo wa macho". Naona "uchovu wa macho" unafaa zaidi, kwa sababu kukaza macho ni tendo, na hapa tunataja matokeo yake: macho kuwasha, kukauka, maandishi kufifia jioni, kichwa kuuma kwenye paji.

Tumchukue karani wa kituo cha afya huko Ngungu, Masisi, anayeingiza takwimu za mwezi kwenye laptopu inayotegemea umeme wa jua. Anapoinamia kioo kwa sentimita 35, misuli midogo ndani ya jicho hujikunja ili aone karibu, na haipati nafasi ya kulegea. Huko ndiko kukaza. Asogeze kioo mbali kiasi cha mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70. Herufi zikimwia ndogo, asirudi mbele. Kwenye kivinjari abonyeze Ctrl na + zikue.

Kimo kina habari nyingine. Kioo kikiwa juu ya usawa wa macho, mtu hukodoa: kope hufunguka sana, machozi hukauka upesi, na tayari mtu anayesoma kwenye kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida. Kwa hiyo ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Laptopu mezani huwa chini mno, lakini hapo anayelalamika zaidi ni shingo. Rimu tatu za karatasi huiinua kama sentimita 15, ila vidole navyo hupanda, hivyo inahitajika kibodi ya pembeni. Asiye na kibodi hiyo aiache laptopu mezani, aegemeze kioo nyuma kidogo na awe ananyoosha shingo. Usiinue kioo tu kwa kuwa kitabu kimesema.

Mwanga ndio unaosumbua zaidi milimani, ambako mchana mlango ukiwa wazi mng'ao huingia moja kwa moja. Karani akiupa mlango mgongo, anauona ndani ya kioo. Akiutazama, anafinya macho. Aukalie ubavu. Kisha aweke karatasi nyeupe kando ya ukurasa mtupu kwenye kioo: kioo kikiwaka kama taa, apunguze mwanga wake, kikionekana kijivu, auongeze. Wengi hupunguza mwanga ili betri idumu, na hilo mchana ni uchumi mbaya, maana humrudisha mtu puani mwa kioo. Usiku apunguze kweli, lakini awashe taa chumbani, isimulike kioo.

Kila baada ya dakika 20 hivi atazame kilima cha mbali kwa muda mfupi, misuli ilegee.

Mipangilio hii haimsaidii anayehitaji miwani. Aliyevuka miaka 40, ambaye sasa husoma karatasi kwa kuisogeza mbali, apimwe macho kabla ya kuilaumu kompyuta.