Karatasi ya mahakama kwenye shamba la mirathi: deni la kaka, sisi wengine tufanyeje?

Kuna jambo limetokea kwa jamaa zangu hapa Pemba na nimeona niliandike lote, maana kila nikiwasimulia watu barazani naona wengi hawajui pa kuanzia. Majina na kijiji naviacha.

Mzee alifariki akaacha mke, watoto wawili wanaume na watatu wanawake, na shamba la mikarafuu 80. Halikuwahi kugawanywa. Msimu ukifika wote wanachuma, pesa wanagawana. Kaka mkubwa alikuwa na duka, akachukua bidhaa kwa mkopo kwa tajiri mmoja, biashara ikafa. Tajiri akamshitaki, akashinda, hukumu ikatoka ya shilingi milioni 9. Kaka hakulipa, wala hakuwaambia wenziwe. Siku moja mama mtu anakwenda shamba anakuta karatasi imebandikwa kwenye mkarafuu wa njiani, na mtu wa mahakama ameshapita anatangaza. Shamba limekamatwa.

Kwanza tuelewe kukamatwa ni nini. Hapa Zanzibar mambo haya yamo katika Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 8, ambayo ilitokana na ile ya India ya mwaka 1908, sawa na ya Bara, ila namba za vifungu zinatofautiana. Karatasi ile ni amri ya kumkataza mdaiwa asiuze, asiweke rehani wala asimpe mtu ile ardhi, na kumkataza mtu yeyote asiipokee kwake. Haihamishi umiliki. Shamba bado ni lenu. Jamaa zangu waliacha hata kupalilia wakidhani watafungwa, kumbe amri haikuwataja wao wala haikugusa uchumaji wao. Lakini isomeni neno kwa neno, kwa sababu mahakama inaweza kuandika zaidi ya hapo.

Halafu kaka akaja na ujanja wake. Akataka aandike hiba, ampe dada yake sehemu yake haraka haraka. Nikamwambia bwana wee, umechelewa. Kitu kilichokamatwa ukikihamisha baada ya amri, uhamisho huo ni bure mbele ya yule anayekudai. Tena unampa wakili wake sababu ya kusema familia nzima ni waongo, na pingamizi la kweli la dada linaingia matope.

Sasa tuje kwenye pingamizi lenyewe. Wapo watu wa aina mbili na njia zao si moja.

Kaka ndiye mdaiwa. Yeye hafungui kesi mpya. Anarudi mahakama ile ile inayokazia hukumu, anasema kwa mfano deni nimeshalipa, au kiasi kimezidishwa. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: kama umemlipa mdai mkononi, nje ya mahakama, na malipo hayo hayakuandikishwa mahakamani, mahakama inayokazia hukumu haiyatambui. Kaka alikuwa amelipa milioni 1 mbele ya mashahidi wawili. Haikumsaidia kitu mpaka mdai mwenyewe alipokubali iandikwe. Kwa hiyo ukilipa deni la hukumu, lipa mahakamani upate stakabadhi, au mwende wote wawili ikaandikishwe.

Mama na ndugu wengine si wadaiwa. Wao wanaleta pingamizi la mtu wa tatu. Kwa Bara utalikuta katika Amri ya 21, kanuni ya 57 hadi 62. Unapeleka maombi na hati ya kiapo, na unachotakiwa kuonyesha ni kimoja: siku ile shamba linakamatwa, ulikuwa na haki ndani yake au ulikuwa unalimiliki kwa ajili yako mwenyewe, si kwa niaba ya mdaiwa. Hakimu haanzi kutoa hukumu ya nani mwenye shamba tangu enzi za mababu. Anaangalia siku ile tu.

Ushahidi ndio uliowapa kazi. Hati ya kifo ilikuwepo. Hati ya mirathi haikuwepo, ikabidi waifuatilie upya ili warithi na mafungu yao yajulikane. Kilichowaokoa khasa ni kitu kidogo: dada wa pili alikuwa anaweka stakabadhi za karafuu alizouza ZSTC kwa jina lake, misimu kadhaa, kwenye kopo la maziwa. Mashahidi wa mpaka nao wakasema shamba linachumwa na wote.

Hesabu ya mirathi ilikuja sawa kabisa. Mke thumni, yaani moja ya nane. Zilizobaki saba: kila mwanamme mbili, kila mwanamke moja. Basi kaka ana mbili za nane, sawa na mikarafuu 20 katika ile 80, ikiwa yote ina thamani moja. Mahakama ikaachia sita za nane, ikabakisha sehemu ya kaka chini ya amri.

Hapo ndugu walinuna, walitaka shamba lote liachiwe. Haiwezekani. Haki ya kaka ni mali yake na deni ni lake. Atakayenunua mnadani anaingia katika viatu vya kaka: anakuwa mshirika wenu, na anaweza kudai mgawanyo. Mgeni ndani ya shamba la familia, ndiyo hali yenyewe.

Ila upo mlango mmoja. Sheria za ukoo huu zinasema hivi: ikiuzwa sehemu ya ardhi isiyogawanywa, na mshirika akataja bei sawa na mtu mwengine, basi ya mshirika ndiyo inayohesabiwa. Kwa hiyo ndugu wachangishane waende mnadani, wasikae nyumbani kulia. Tangazo la mnada wa ardhi linatakiwa likae si chini ya siku 30 baada ya kubandikwa, labda mdaiwa akubali kwa maandishi ipunguzwe. Hizo ndizo siku za kutafuta pesa. Mnunuzi anaweka robo ya bei pale pale, inayobaki ndani ya siku 15.

Na hata baada ya mnada bado ipo nafasi. Tuseme sehemu ya kaka imeuzwa milioni 6. Ndani ya siku 30 tangu mnada, mwenye haki katika mali ile anaweza kuomba uuzaji ufutwe kwa kuweka mahakamani deni lililotajwa katika tangazo, pamoja na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi, yaani laki 3. Kulalamika kwamba bei ilikuwa ndogo, peke yake, hakutoshi. Lazima uonyeshe mnada uliharibika kwa kasoro kubwa au udanganyifu, mfano tangazo halikubandikwa kabisa, na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyokutia hasara.

Ukichelewesha pingamizi makusudi au bila sababu, mahakama inaweza kukataa hata kulisikiliza. Ukisikilizwa na ukashindwa, kinachobaki ni kufungua kesi yako ya kuthibitisha haki, na muda wake si mrefu. Muulize wakili siku ile ile uamuzi unaposomwa.

Jamaa zangu walipata milioni 2 kwa shemeji aliyeko Maskati, wakauza ng'ombe wawili, wakaenda mnadani. Dalali aliposikia mama wa familia anapiga bei kwa sauti yake mwenyewe, wengine wawili wakanyamaza. Shamba limebaki la nyumba moja. Kaka sasa anachuma kwa kibarua katika mikarafuu ambayo 20 kati yake ilikuwa yake.