Neno la wiki: Faktoria

Faktoria ya 3 ni 3×2×1, yaani 6. Herufi A, E, K na L hupangika kwa njia 24, lakini anayejua faktoria huupata mpangilio wa 14 kikamusi bila kuziorodhesha zote.

Kwanza hutoa 1, hubaki 13. Akigawa kwa 6 hupata 2, baki 1: huruka herufi mbili na kuchukua K. Baki hiyo kwa 2 ni 0, baki 1: huchukua A. Zimebaki E na L. Kwa baki hiyo 1 huruka E na kuchukua L, kisha E. Jibu ni KALE.

Unaofuata? Kutoka kulia, A ndiyo ya kwanza iliyo ndogo kuliko jirani yake wa kulia. Hubadilishana nafasi na E, kisha mkia LA hugeuzwa: KEAL.

Anayesahau kutoa 1 huangukia hapohapo, kwenye mpangilio wa 15.