Lakabu

Katika hesabu za mawimbi, lakabu ni jina bandia ambalo wimbi la haraka hulipata likipimwa kwa nadra. Joto la Iwawa, Makete, likisomwa kila baada ya saa 3, siku huwa na vipimo 8. Wimbi linalojirudia mara 5 kwa siku hutoa, katika saa hizo, namba zilezile za wimbi la mara 3: cos(2π·5j/8) = cos(2π·3j/8). Kizigeu cha Fourier cha 3 kinachokokotolewa basi hubeba pia cha 5, cha 11 na wenzao. Cha 1 huchafuliwa na cha 7 na cha 9, ambavyo kwa kawaida ni vidogo sana mbele yake. Lakini cha 3 na cha 5 huweza kukaribiana, ndiyo maana vizigeu vya juu haviaminiki. Kuchuja baadaye hakutenganishi kitu. Kusoma kila saa husogeza mpaka wa mawimbi yasiyopata lakabu kutoka mara 4 hadi mara 12 kwa siku.