Presha Isiyovunja Chuma

Katikati ya karne ya 17, kule Florensi, Italia, kulikuwa na kikundi cha wasomi kilichoitwa Accademia del Cimento. Kazi yao ilikuwa kujaribu mambo kwa mikono badala ya kubishana kwa vitabu vya kale. Siku moja walitaka kujua kama maji yanaweza kubanwa yakapungua ujazo. Wakajaza maji kwenye tufe la fedha, wakaliziba, kisha wakaligonga kwa nyundo. Tufe ndilo umbo linalobeba maji mengi kuliko umbo lingine lolote lenye eneo sawa la nje, kwa hiyo ukilibonyeza kidogo tu, nafasi ya ndani inapungua. Maji yangebanika, yangebaki ndani. Yalichofanya ni kupenya fedha yenyewe na kutokeza nje kwa vitone vidogo, kama jasho.

Ripoti yao ilitoka mwaka 1667, na kwa karibu miaka 100 wengi waliichukua kama neno la mwisho: maji hayabanwi.

Aliyewapinga alikuwa mwalimu wa shule pale London, John Canton. Mimi nampenda Canton kwa sababu hakutumia nguvu hata kidogo. Mwaka 1762 alichukua tungi dogo la kioo lenye mrija mwembamba, kama kipimajoto. Akalijaza zebaki, akaliwasha moto mpaka zebaki ikajaa hadi juu, akaziba ncha. Ilipopoa, zebaki ilishuka na juu yake pakabaki patupu, bila hewa. Kisha akavunja ncha ili hewa iingie. Zebaki ikashuka kidogo zaidi. Akarudia jambo lilelile kwa maji, na maji yakashuka zaidi ya zebaki.

Hapo ndipo kuna ujanja. Mrija ukiwa umezibwa, hewa ya nje inalibana tungi na ndani hakuna kinacholisukuma, kwa hiyo kioo kinajikunja kidogo. Ukiufungua, kioo kinarudi saizi yake, na kimiminika chochote kilichomo lazima kishuke. Kama hilo ndilo jambo pekee, zebaki na maji vingeshuka sawa. Ile tofauti ilitoka kwenye vimiminika vyenyewe. Canton alihesabu kwamba uzito wa hewa ya dunia hupunguza ujazo wa maji kwa sehemu 46 hivi katika kila milioni. Wenzake wa Royal Society walibishana sana, lakini mwaka 1764 wakampa nishani yao ya Copley.

Hebu tuitumie hiyo namba. Upungufu wa ujazo ukigawanywa kwa ujazo wa mwanzo ndio badiliko la ujazo. Ukichukua presha uliyoongeza ukaigawa kwa badiliko hilo, unapata moduli ya ujazo, ambayo vitabu huiandika kwa herufi moja:

K = p ÷ (ΔV/V)

Presha ya hewa ni paskali 101,325. Gawa kwa 0.000046, unapata kama bilioni 2.2, yaani gigapaskali 2.2. Ni namba ileile utakayoikuta leo kwenye jedwali lolote la sifa za maji. Mwalimu wa shule na mrija wake wa kioo aliipata zaidi ya miaka 260 iliyopita. Chuma cha pua, kwa kulinganisha, kina gigapaskali 160 hivi, kwa hiyo ni kigumu kubana kuliko maji mara 70 na zaidi.

Lakini maji ni kesi rahisi. Maji yaliyotulia hayana namna ya kukusukuma kwa nguvu upande mmoja na kidogo upande mwingine. Yanakubana sawa kila upande. Kitu kigumu ni hadithi nyingine. Nguzo ya jengo inabanwa kutoka juu lakini ubavuni haibanwi. Mwaka 1822 Mfaransa Augustin-Louis Cauchy alionyesha jinsi ya kuandika hali hiyo: katika kila nukta ndani ya kitu, mkazo una namba sita. Kuna bahati moja, kwamba ukigeuza macho yako vizuri, utapata pande tatu zilizokaa wima kwa wima ambapo mkazo ni kusukuma au kuvuta tu, bila kuteleza. Basi tunaweza kuzungumza kwa namba tatu.

Miaka ya 1820 na 1830 wasomi wa Paris walidhani namba moja inatosha kueleza ugumu wa kitu chochote. George Gabriel Stokes, mwaka 1845, alikataa. Alisema kuna ukinzani wa kubadilishwa ujazo, na kuna ukinzani wa kubadilishwa umbo, na huwezi kukisia mmoja kutoka kwa mwingine. Mpira ni mfano mzuri: unaupinda na kuuvuta kwa vidole, lakini kuupunguza ujazo ni karibu kama kubana maji.

Kutoka hapo ni rahisi kuona kwamba mkazo wenyewe unagawanyika mara mbili. Chukua zile namba tatu, tafuta wastani. Wastani huo ndio sehemu ya haidrostatiki, ile inayofanana na maji: inabana sawa kila upande, na kazi yake ni kubadilisha ujazo tu, kwa kiwango cha K. Kinachobaki ukitoa wastani kwenye kila namba ni sehemu ya mkengeuko. Jumla yake ni sifuri kila mara, kwa hiyo haigusi ujazo. Kazi yake ni kupinda umbo.

Mtu anaweza kuona hii ni hesabu ya darasani tu. Lakini kuna swali la kufa na kupona ndani yake: ni sehemu gani kati ya hizo mbili inayoharibu chuma? James Clerk Maxwell alilikisia jibu mwaka 1856, kwenye barua kwa rafiki yake William Thomson, lakini hakulichapisha. Mwaka 1904 Tytus Huber alilichapisha kwa Kipolandi mjini Lwów, na nje ya wasomaji wa lugha hiyo wachache waliliona. Mwaka 1913 Richard von Mises akafika palepale kwa njia yake, na jina lake ndilo lililoganda vitabuni. Jibu lao: chuma huanza kupindika moja kwa moja pale sehemu ya mkengeuko inapozidi kiwango fulani. Sehemu ya haidrostatiki, iwe kubwa vipi, haihesabiki.

Kwa nini? Chuma hulegea wakati safu za atomu zinateleza, moja juu ya nyingine. Fikiria umebanwa katikati ya matatu iliyojaa hadi mlangoni. Unasukumwa kutoka kila upande, unaumia, lakini huendi popote kwa sababu hakuna upande ulio dhaifu. Anayeruka nje ni yule wa mlangoni, ambaye upande mmoja ana watu 20 na upande wa pili ana hewa.

Sasa twende baharini. Tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh waliingia kwenye chombo kiitwacho Trieste wakashuka hadi sakafu ya shimo la Mariana katika Pasifiki, karibu kilomita 11 chini. Presha pale ni kama megapaskali 110, zaidi ya mara 1,000 ya hewa tunayovuta. Chukulia kwamba nje ya chombo kulikuwa na kipande cha chuma cha pua kisicho na uwazi ndani, mpira wa sentimita 10. Mikazo yake mitatu ni 110, 110 na 110. Wastani ni 110, na mkengeuko ni sifuri. Ujazo wake unapungua kwa 110 gawa kwa 160,000, yaani asilimia 0.07, na kipenyo chake kwa milimita 0.02 hivi. Kingerudi juu kilivyokuwa. Maji yaliyokizunguka yenyewe yamebanwa kati ya asilimia 4 na 5.

Piccard na Walsh, hata hivyo, walikaa ndani ya tufe lililo wazi, lenye hewa ya kawaida. Kwa nje lilikuwa na kipenyo cha mita 2.16, na ukuta wa sentimita 12.7. Likate nusu kwa mawazo. Bahari inazisukuma nusu hizo mbili pamoja kwa nguvu ya uzito wa tani 41,000 hivi, na kinachozuia ni pete ya chuma yenye eneo la mita za mraba 0.81 tu. Gawa, unapata mkazo wa megapaskali 500 kuzunguka ukuta. Upande wa ndani, mikazo mitatu ni takriban 500, 500 na sifuri, kwa sababu ndani kuna hewa tu. Huyo ndiye abiria wa mlangoni. Wastani ni 333. Mkengeuko ni 167, 167 na -333. Kwa kanuni ya Mises, hali hii ni sawa na kukibana chuma upande mmoja kwa megapaskali 500, mzigo ambao chuma cha kawaida cha ujenzi hakiwezi kubeba. Ilihitajika aloi ya nguvu iliyofuliwa.

Maji yaleyale, kina kilekile. Kipande kimoja hakijui hata kama kimebanwa, kingine kiko karibu na mpaka wake. Na lau tufe lingefunguliwa likajaa maji, mikazo ingerudi 110 kila upande na chuma kingekuwa salama kabisa, ila wale wawili ndani.

Chombo chenyewe kilikuwa somo la K. Juu ya tufe kulikuwa na tangi kubwa la petroli la kukielesha, lenye kuta nyembamba. Halikubonyea kwa sababu chini lilikuwa wazi kwa bahari, presha ikawa sawa ndani na nje. Lakini petroli hubanika zaidi ya maji, kwa hiyo kadiri Trieste ilivyoshuka ndivyo ilivyozidi kuwa nzito. Ili kurudi juu walilazimika kumwaga vipande vya chuma walivyobeba.

Kanuni hii ina mipaka. Kwanza, ukuta mwembamba unaweza kujikunja ghafla kabla mkazo haujafika kiwango cha Mises. Pili, inadai kitu kilicho sawa kila upande. Nyuzi za kaboni, kama za ile Titan iliyopotea na watu watano Juni 2023, zina nguvu tofauti kila mwelekeo, na kwao hesabu ya Mises haitoshi. Tatu, mchanga, udongo na zege huenda kinyume na chuma: kwao sehemu ya haidrostatiki inahesabika sana, kwa sababu punje hushikana kwa msuguano. Chukua pakiti ya kahawa iliyofyonzwa hewa dukani. Ni ngumu kama tofali, kwa sababu hewa ya nje inaibana kila upande. Itoboe tundu dogo kwa sindano, halafu iminye tena.