Wewe na Ninyi: Safari ya Ujumbe wa Mstari Mmoja

Mtu akiamkiwa "hujambo" anajua kwamba ameamkiwa peke yake. Wakiamkiwa "hamjambo" wanajua kwamba wako wengi. Kiswahili hakimruhusu msemaji avuke hata salamu ya asubuhi bila ya kutoa hesabu ya watu aliowakabili. Hesabu hiyo imo katika u- na m- za vitendo, imo katika -ko na -nu za kumiliki, na imo katika kile kijisilabi cha mwisho, -ni, kinachogeuza njoo kuwa njooni, asante kuwa asanteni na shikamoo kuwa shikamooni.

Kiingereza cha leo hakina hesabu hiyo. Kina neno moja tu, litamkwalo "yuu", nalo humtosha mtu mmoja kama linavyoutosha uwanja mzima. Ndiyo maana ujumbe mfupi wa Kiingereza uliokusudiwa kundi la watu, ukifika mikononi mwa mfasiri wa Kiswahili, humfikia ukiwa umepungukiwa na jambo ambalo yeye hana budi kulitaja. Napenda tuitazame historia ya upungufu huo, kisha tuone unavyotutatiza hapa Unguja.

Kiingereza hakikuzaliwa hivyo. Zamani kilikuwa na "dhau" kwa mtu mmoja na "yuu" kwa wengi, sawasawa na wewe na ninyi. Kisha ikaingia desturi, iliyoenea pia katika Kifaransa, ya kumwita mkubwa kwa neno la wengi ili kumtukuza. Desturi ilianzia kwa wafalme, ikashuka kwa mabwana, ikafika kwa kila mtu asiyetaka kuonekana mkosefu wa adabu. Kufikia mwisho wa karne ya 17, "dhau" ilikuwa imekwisha kutoweka katika mazungumzo ya kawaida ya watu wa mji wa London. Heshima ilikula hesabu. Baadaye watu walipoona pengo walijitengenezea viraka: kusini mwa Marekani walibana maneno mawili wakapata "yol", yaani ninyi nyote, na wengine husema "yu gaizi", yaani ninyi jamaa. Lakini viraka hivyo ni vya mdomoni. Barua ya ofisi haiviandiki.

Kwetu heshima ilishika njia nyingine. Kwa kawaida Mwunguja humtukuza mkubwa kwa shikamoo, kwa kumwita bibi, babu, maalim au sheikh, na kwa namna ya kuomba. Hana haja ya kumfanya mtu mmoja kuwa wengi. Kwa hiyo wewe na ninyi zimebaki safi, kila moja kwa kazi yake. Ipo salamu moja tuliyoipokea kutoka Kiarabu, "assalamu alaykum", ambayo -kum yake ni ya wengi ingawa huambiwa hata mtu mmoja. Lakini hiyo tuliichukua nzima nzima kama ilivyo, na haikubadilisha sarufi yetu.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba wafasiri wa kwanza waliofanya kazi Unguja hawakukumbana sana na tatizo hili. Mwenye kufasiri kutoka Kiarabu alikuta lugha yenye hesabu kali kuliko yetu: anta kwa mwanamume mmoja, anti kwa mwanamke mmoja, antuma kwa wawili, antum na antunna kwa wengi. Kwake yeye kazi ilikuwa kupunguza, si kuongeza. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na misheni yake na kuchapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, naye alikuwa na bahati ya namna hiyo. Kigiriki cha Agano Jipya hutenga mmoja na wengi, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikuwa imehifadhi "dhau" ya zamani. Hesabu ya watu ilikuwamo katika matini aliyoitazama.

Tatizo lilikuja na maandishi ya kazi: amri, tangazo, taarifa na simu ya maandishi. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, ukitokea Aden na kuendelea kusini hadi Durban. Simu ilitozwa kwa idadi ya maneno, hivyo kila mtu alijifunza kusema mengi kwa machache. Hapo ubora wa lugha yetu ulionekana: "Njoo" ni neno moja na "Njooni" ni neno moja, lakini la pili limekwisha kuita nyumba nzima. Kiingereza kwa neno lake moja hakisemi ni nani aje. Hata hivyo simu ile ilikuwa na kinga. Juu yake palikuwa na anwani: jina la mtu au la ukoo. Mwenye kufasiri alitupa jicho juu, akajua kama aandike u- au m-.

Ujumbe wa leo wa simu ya mkononi, uliotumwa kwenye kundi, hauna anwani ya namna hiyo. Tuseme sheha wa hapa Tunguu amepokea kutoka ofisi fulani mstari wa Kiingereza wa kuwapelekea wazazi. Maana yake ni kwamba madaktari watakuja kesho skuli kupima "yuu", na "yuu" aje na kadi yake. Mfasiri mwenye haraka huandika:

"Madaktari watakupima kesho skuli. Njoo na kadi yako."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini mstari huo ukisomwa na wazazi mia moja, kila mmoja huuliza: huyu anayeambiwa ni nani? Wengi watadhani kwamba ni ujumbe wa mtu mmoja uliopotea njia ukaangukia kundini, na watauacha upite. Mfasiri mwangalifu zaidi huandika:

"Madaktari watawapima kesho skuli. Njooni na kadi zenu."

Sasa kundi limejua kwamba limeitwa. Lakini limezuka jambo jingine, na hili ndilo ambalo wengi hawalioni. Ile -wa- ya "watawapima" ina mabwana wawili: yaweza kuwa ninyi, na yaweza kuwa wao. Mzazi anayesoma, akikumbuka kwamba mahali pa kupimia ni skuli, ataelewa kwamba watakaopimwa ni watoto. Atampeleka mwanawe na kadi, na yeye mwenyewe atakwenda shambani. Madaktari waliokuja kuwapima wazazi watakuta watoto wamepanga foleni.

Dawa iko mdomoni mwa watu wa Unguja tangu zamani: weka -ku- ya mmoja mbele, kisha ufunge kwa -ni ya wengi. "Madaktari watakupimeni kesho skuli." Hapo hapana njia ya kuwafikiria wao, ni ninyi tu. Ndivyo tunavyosema "nakwambieni", "nakuombeni", "tutakuleteeni". Ikiwa wanaokusudiwa ni watoto, basi -wa- haitoshi peke yake, na nomino itajwe: "watawapima watoto wenu".

Kwa nini basi maandishi mengi hupendelea -wa-? Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Jedwali la viambishi tulilolikariri na kulikaririsha skulini huenda hivi: ni, ku, m, tu, wa, wa. Wa mbili zimekaa pamoja mwishoni, na jedwali halisemi zinavyotengwa. Umbo la -ku- na -ni likawa kama la mazungumzo, ingawa ndilo linaloondoa shaka. Katika mazungumzo ya ana kwa ana -wa- haina madhara, kwa kuwa macho ya msemaji yanaonesha nani anayeambiwa. Ujumbe wa mstari mmoja hauna macho.

Washairi wanalijua umbo hili kwa sababu nyingine. "Nakwambia" ina mizani nne, "nakwambieni" ina tano, na mwenye kutafuta mizani nane huchagua kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo tusichukue umoja au wingi wa ubeti mmoja kuwa ushahidi wa idadi ya walioambiwa. Huenda ni mizani iliyoamua.

Lipo pia jambo la chombo chenyewe. Maandishi ya ukutani huzungumza na mtu mmoja: "Usitupe taka hapa." Wala hapana ubaya, kwani mpita njia husimama mbele ya ukuta akiwa peke yake, na onyo humshika yeye. Mpiga mbiu wa zamani na mtangazaji wa redio huzungumza na wengi: "Mnatangaziwa", "Wasikilizaji, hamjambo". Ujumbe wa kundi husomwa kama ukuta, kila mtu na simu yake mkononi, lakini hujulikana na wote kwamba umeenda kwa wote, kama mbiu. Mfasiri akiandika kwa sauti ya ukuta, kila msomaji humdhania mwenzake. Akiandika kwa sauti ya mbiu, wote husikia wameitwa.

Lakini wingi nao una mpaka. "Njooni na kadi zenu" haisemi kama kila mtu ana kadi yake au kila nyumba ina moja, na "njooni na kadi yenu" humaanisha moja tu kwa wote. Pale ambapo kila mtu lazima atimize kwa nafsi yake, njia salama ni kuacha wewe na ninyi zote mbili na kusema: "Kila mmoja aje na kadi yake."

Kwa hiyo mstari wetu ungesimama hivi: "Wazazi, madaktari watakupimeni kesho skuli, kila mmoja aje na kadi yake." Neno la kwanza limerudisha anwani iliyokuwa juu ya simu ya waya. -Ku- na -ni zimefunga mlango wa wao. Kila mmoja imemzuia mtu kumtegemea jirani. Na ikiwa mfasiri hajui kama Kiingereza kile kilimkusudia mzazi au mtoto, hapana sarufi itakayomjulisha. Itampasa amuulize aliyekiandika kabla hajabonyeza kutuma.