Kanuni ya Matundu ya Njiwa

Tuseme ndugu tisa wa mgonjwa wamefika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, kuchangia damu. Kabla mtaalamu wa maabara hajagusa kidole cha yeyote, unaweza kusema kwa uhakika kwamba wawili kati yao wana kundi moja la damu. Makundi ni A, B, AB na O, na kila moja ni chanya au hasi, kwa hiyo jumla ni nane. Kama kila ndugu angekuwa na kundi lake peke yake, tungehitaji makundi tisa, na la tisa halipo.

Hiyo ndiyo kanuni ya matundu ya njiwa: njiwa wakizidi matundu, lazima tundu moja liingiwe na njiwa wawili au zaidi. Kwa kawaida inahusishwa na mwanahisabati Mjerumani Dirichlet, aliyeitumia mwaka 1834, na kwa Kijerumani huitwa kanuni ya droo. Kwa Kiswahili “matundu ya njiwa” inafaa zaidi, maana anayefuga njiwa anajua tundu ni nini, na hapa tundu ndilo la kuhesabiwa kwanza.

Kanuni haisemi ni ndugu gani wawili wanaolingana, wala ni kundi lipi. Haisemi pia kwamba ukiita watu wanane utapata makundi yote manane. Huenda wote wakawa O chanya. Na mtu asiichanganye na bahati. Wanafunzi 23 wakikaa darasa moja, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe na mwezi uleule unazidi nusu kidogo, lakini huo ni uwezekano tu. Uhakika unapatikana kwa wanafunzi 367, kwa sababu mwaka mrefu una siku 366.

Mpaka hapo kazi ni rahisi, kwa kuwa watu wamezidi matundu waziwazi. Uthibitisho ninaoupenda kuliko yote ni ule ambao matundu na watu wanalingana idadi, na bado kanuni inafanya kazi.

Watu watano wanasubiri basi la kwenda Dodoma mjini. Wanasalimiana, “mbukwenyi”, na baadhi yao wanapeana mikono. Kila mmoja ahesabu amepeana mkono na wenzake wangapi. Aliyemshika mwenzake mara mbili ahesabu mtu mmoja. Nadai kwamba wawili watataja idadi moja, hata wasalimiane vipi.

Majibu yanayowezekana ni 0, 1, 2, 3 na 4. Ni matundu matano kwa watu watano, na inaonekana kila mmoja anaweza kupata lake. Lakini angalia matundu mawili ya pembeni. Mwenye 4 amepeana mkono na wenzake wote. Mwenye 0 hakumshika yeyote. Hao wawili hawawezi kuwa kwenye kituo kimoja, kwa sababu yule wa 4 lazima awe amemshika huyu wa 0. Kwa hiyo, kama yupo wa 0, hakuna wa 4, na majibu yanabaki 0 hadi 3. Kama hayupo wa 0, yanabaki 1 hadi 4. Kwa vyovyote vile, matundu yanayoweza kutumika ni manne na watu ni watano. Hoja hii haibadiliki wakiwa kumi au mia, mradi wawe wawili au zaidi.

Nguvu yote ya hoja iko kwenye jambo moja: mkono hupeanwa. Nikikushika, nawe umenishika. Ukiweka mahali pake kitu cha upande mmoja, hoja inaanguka. Jaribu kukopeshana. Asha amewakopesha Juma na Neema, Juma amemkopesha Neema, Neema hakumkopesha mtu. Waliokopeshwa na kila mmoja ni 2, 1 na 0. Hakuna wawili waliolingana. Mwenye 2 na mwenye 0 wameweza kuwepo pamoja, kwa sababu Neema alikopeshwa bila yeye kukopesha.

Na je, kanuni inaahidi jozi moja tu, au tunaweza kudai zaidi? Rudi kituoni, na tuseme wale watano ni mwalimu, fundi, mama lishe, mkulima na mgeni. Mwalimu apeane mikono na wote wanne. Fundi apeane na wote isipokuwa mgeni. Wengine wasiongeze chochote. Mwalimu ana 4, fundi ana 3, mama lishe na mkulima wana 2 kila mmoja, mgeni ana 1. Wanaolingana ni mama lishe na mkulima peke yao, kwa hiyo kwa watu watano huwezi kudai zaidi ya jozi moja.