Je, ni lazima kumpelekea Haji zawadi anaporudi?

Si lazima. Lililothibiti ni naqia, yaani chakula cha kurudi kwa msafiri. Jabir bin Abdillahi (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipofika Madina alichinja ngamia au ng'ombe, ameipokea Bukhari. Imamu Nawawi katika Al-Majmuu ameipendekeza naqia, apike msafiri mwenyewe au apikiwe na wengine. Kwa hiyo jamaa wanaokopa ili wapeleke bahasha nono wanajitwika wasichotakiwa; sinia ya wali aliyopika dada yake inatosha. Tunachokihofia zaidi ni wale wanaokosa kwenda kabisa kwa kuona haya ya mikono mitupu. Nendeni, mumpe mkono Haji na mumwombe awaombee dua.